Bia za Ijumaa na Miguu Isiyopona

Nafundisha mazoezi katika jimu ndogo ya Sinza, Dar es Salaam, na wanaume waliovuka miaka thelathini wana swali moja ambalo hawachoki kuniuliza: "Kocha, mazoezi nafanya, jogingi sikosi, mbona kitambi hakitoki?" Huwa nawauliza kwanza Ijumaa yao ilikwendaje. Hapa kwetu mazoezi na bia vimeoana. Klabu za jogingi zinakimbia Jumapili alfajiri, na saa tatu asubuhi watu wako mezani na supu na chupa za baridi. Urafiki unajengwa pale, na sitaki kuuvunja. Nataka tu mtu ajue kinachoendelea mwilini akishafungua ile chupa, kwa sababu nimewaona wengi wakibadilisha chakula chao chote cha mchana, wakiacha ugali, wakiacha chapati, huku tatizo likiwa jioni, kaunta.

Nitamsimulia mmoja ambaye ameniruhusu kumsimulia bila jina. Ni mhasibu, alikuja kwangu akiwa na kilo 88 na kiuno cha sentimita 104. Alikuwa na bidii ya kweli. Jumatatu na Jumatano alifanya mazoezi ya mwili wa juu, Ijumaa jioni aliweka mazoezi ya miguu kwa sababu ndiyo siku aliyokuwa na muda mrefu, na Jumapili alikimbia kilomita kumi na wenzake. Ijumaa baada ya miguu alitoka moja kwa moja kwenda kukaa na rafiki zake. Chupa sita, kwa kawaida. Jumapili baada ya kukimbia, chupa nne. Siku nyingine hakugusa pombe kabisa, na kwa hiyo alijiona mnywaji mdogo. Nilimwelewa, maana katika meza yake alikuwa wa kwanza kuondoka.

Tulianza na hesabu, na tuliifanya kwa chupa halisi. Chupa alizoniletea zilikuwa na asilimia ya kilevi kwenye lebo, lakini kalori hazikuandikwa. Asilimia hiyo inatosha. Chupa ya nusu lita ni mililita 500. Kilevi kikiwa asilimia 5, ndani yake mna mililita 25 za kilevi tupu. Kilevi ni chepesi kuliko maji, kila mililita ina uzito wa gramu 0.79 hivi, kwa hiyo mililita 25 ni karibu gramu 20. Kila gramu ya kilevi inatoa kalori 7. Linganisha na wanga au protini, ambavyo kila gramu inatoa kalori 4, na mafuta yanayotoa 9. Kilevi kinakaribia mafuta. Gramu 20 mara 7 ni kalori 140. Juu yake ongeza wanga wa shayiri uliobaki baada ya kuchachuka, gramu kumi na tano hivi katika chupa, ambao ni kalori 60 nyingine. Jumla ni kalori 200 kwa chupa. Bia ya asilimia 4.2 itapungua kidogo, ya asilimia 5.5 itapanda kidogo, lakini 200 ni namba ya kukumbuka.

Chupa kumi kwa wiki ni kalori 2,000. Sasa upande wa matumizi: mtu anayekimbia anatumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita, awe anakimbia haraka au polepole. Kwa kilo 88 na kilomita kumi, Jumapili yake ilikuwa na thamani ya kalori 880. Chupa nne za baada ya pale zilikuwa 800. Alinitazama, akaichukua kalamu, akapiga hesabu upya yeye mwenyewe, mhasibu huyo, na akapata jibu lile lile. "Kwa hiyo Jumapili nakimbia bure?" Nikamwambia kwa moyo na mapafu hukimbii bure hata kidogo, ila kwa kitambi mbio zako zimelipa bia tu, na supu ya asubuhi hiyo haijalipwa na mtu.

Hapo ndipo wengi wanaposimama, kwenye kalori za chupa. Lakini nusu nyingine ya jambo inaeleza vizuri zaidi kwa nini mtu anayekunywa siku mbili tu kwa wiki anaweza kubaki na kiuno kile kile mwaka mzima. Mwili hauna ghala la kilevi. Wanga una ghala lake kwenye ini na misuli, mafuta yana ghala lake chini ya ngozi na tumboni, kilevi hakina pa kukaa, na kikibaki kwenye damu ni sumu. Kwa hiyo ini linakishughulikia kwanza, kama mgonjwa wa dharura anayepitishwa mbele ya foleni, na wengine wote wanasubiri. Anayesubiri zaidi ni mafuta. Ini linakibadilisha kilevi hatua kwa hatua mpaka kinakuwa asetati, asetati inaingia kwenye damu, na misuli inaichoma hiyo badala ya kuchoma mafuta.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliwapa wanaume wanane gramu 24 za kilevi, yaani zaidi kidogo ya chupa moja ya bia yetu, wakapima. Uchomaji wa mafuta mwilini ulishuka kwa asilimia 73 katika saa zilizofuata. Jambo la pili walilolipata ndilo ninalolipenda zaidi kuwaeleza watu: sehemu ya kilevi iliyogeuka kuwa mafuta mapya haikufika hata asilimia 5. Bia yenyewe, basi, haiendi kukaa tumboni kama watu wanavyofikiri. Inayokwenda kukaa ni kitimoto, ni chipsi, ni ndizi za kukaanga, ni mafuta yote yaliyoliwa pamoja nayo, kwa sababu usiku huo hakuna kiungo kilicho na haja ya kuyachoma.

Na usiku huo ni mrefu. Ini la mtu mzima linamaliza gramu 7 hadi 10 za kilevi kwa saa, na hakuna kahawa, limao wala supu ya pilipili inayoliongezea kasi. Chupa sita ni gramu 120. Mhasibu wetu akianza saa moja jioni Ijumaa, ini lake litamaliza kazi mapema kabisa saa moja asubuhi Jumamosi, na likiwa la polepole, saa sita mchana. Katika muda huo anakula kaunta, anakula tena njiani saa saba usiku akiwa na njaa ile ya baada ya bia, halafu analala. Tulipoandika alichokula Ijumaa moja baada ya kutoka jimu, chakula cha usiku kilizidi bia zenyewe kwa kalori.

Sasa miguu. Alikuwa amelalamika kwa muda kwamba skwati zake hazipandi. Mwili wa juu uliendelea vizuri, mikono ilipendeza, lakini chuma cha miguu kilikwama kilo zile zile, na maumivu ya Ijumaa yalimfuata mpaka Jumatatu, akipanda ngazi za ofisini kwa kushika ukuta. Yeye alidhani ni umri. Mimi niliangalia daftari lake nikaona kitu kimoja: kati ya mazoezi yake ya chuma, yaliyokwama ndiyo pekee yaliyofuatiwa na bia.

Ukiinua chuma kizito, misuli inapata mikwaruzo midogo, na katika saa nyingi zinazofuata mwili unajenga protini mpya kuiziba na kukuza misuli. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, Melbourne, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanaume wanane wenye mazoezi. Waliwapa mazoezi makali ya miguu na baiskeli, kisha kwa siku tofauti wakawapa protini peke yake, au kilevi pamoja na protini, au kilevi pamoja na wanga, wakachukua vipande vidogo vya msuli wa paja kuvipima. Ikilinganishwa na protini peke yake, ujenzi wa protini ya msuli ulipungua kwa asilimia 24 walipokunywa huku wakipata protini, na kwa asilimia 37 walipokunywa huku wakila wanga tu. Fikiria hilo la pili kwa sura ya hapa kwetu: mtu ametoka jimu, hajala, anakunywa bia na sahani ya chipsi kavu.

Kipimo walichopewa kilikuwa gramu 1.5 za kilevi kwa kila kilo ya mwili. Watu husikia hivyo na kusema hicho ni kiwango cha walevi. Kwa kilo 88 ni gramu 132. Gawa kwa 20. Ni chupa sita na nusu. Mhasibu wetu, yule anayeondoka wa kwanza mezani, alikuwa analifanya jaribio la Melbourne karibu kila Ijumaa, kwenye misuli ile ile ya mapaja.

Nyuzilandi kuna kundi lililofuatilia nguvu badala ya protini. Waliwachosha watu paja moja kwa mazoezi ya kuumiza msuli, wakawapa kilevi gramu 1 kwa kilo, na siku zilizofuata paja lile lilipoteza nguvu zaidi kuliko walipokunywa maji ya matunda. Baadaye wakarudia kwa gramu 0.5 kwa kilo, na tofauti haikuonekana. Hapa ndipo nilipopata la kumwambia mtu ambaye hataki kuacha kabisa. Kwake yeye nusu gramu kwa kilo ni gramu 44, yaani chupa mbili. Gramu moja kwa kilo ni chupa nne na kidogo. Kati ya chupa ya pili na ya nne kuna mpaka, na kila mtu anaweza kuutafuta wake kwa uzito wake. Mtu wa kilo 60 anafikia kipimo cha nusu gramu kwa chupa moja na nusu tu.

Majaribio haya yalihusu watu wachache, hasa wanaume, na kipimo kimoja cha usiku mmoja. Hayasemi msuli utapungua kiasi gani kwa mwaka. Wanawake ninaowafundisha huwa nawaambia wasiitumie namba ya mume, kwa sababu mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache kwa kila kilo, na chupa ile ile inapandisha kilevi zaidi katika damu.

Usingizi nao umo. Kilevi kinamlaza mtu haraka, ndiyo maana wengi wanaapa kwamba bia inawasaidia kulala. Ila kinapunguza usingizi wa ndoto mwanzoni mwa usiku, na kinapoanza kupungua mwilini, kuanzia saa nane au tisa za usiku, mtu anaamka mara kwa mara, moyo unapiga haraka, kiu, choo. Waliovaa saa za kupima mapigo wanaona wenyewe: mapigo ya usingizini usiku wa bia yanabaki juu kuliko usiku wa kawaida. Mhasibu alikuwa na saa hiyo, na hakuwa amewahi kulinganisha Alhamisi na Ijumaa. Alipolinganisha, sikuhitaji kuongeza neno.

Jambo moja lilikuwa limempoteza kwa muda mrefu, nalo ni mizani. Alikuwa anajipima Jumamosi asubuhi, na Jumamosi uzito ulikuwa chini. Akaamini bia haimdhuru, huenda hata inamsaidia. Kilevi kinazuia homoni inayoyashikilia maji kwenye figo, kwa hiyo mtu anakojoa zaidi ya kawaida, na baada ya jasho la mazoezi anaamka mkavu. Kilo moja iliyopungua ilikuwa maji. Jumapili na Jumatatu, baada ya supu yenye chumvi, yalirudi yote, naye akalaumu wali wa Jumapili mchana. Nikamwomba ajipime Alhamisi tu, asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, na kiuno akipime kwa tepu usawa wa kitovu kila baada ya wiki mbili. Ukitaka kujua kama mtindo wako wa kunywa unakuongezea mafuta, tepu ya Alhamisi inasema kweli kuliko mizani ya Jumamosi.

Hatukubadilisha mengi. Miguu ilihamia Jumanne, ili misuli ipate siku tatu kabla ya Ijumaa. Ijumaa akabaki na mazoezi mepesi ya mgongo na mabega, au akapumzika. Kabla ya kutoka kwenda kwa rafiki zake alikula kwanza, chakula cha kweli chenye protini, mara nyingi samaki na maharage, au mayai manne na mtindi kama alikuwa na haraka. Mayai manne yanampa gramu 25 hivi za protini. Chakula hicho kilifanya kazi mbili: kililisha msuli wakati bado hajanywa, na kilimwondolea njaa ya saa saba usiku. Chupa zikawa mbili Ijumaa na moja Jumapili, na kati ya chupa na chupa alikunywa maji. Jumapili alianza na maji na supu, bia ikaja baada ya saa moja au zaidi.

Kutoka chupa kumi hadi tatu ni kalori 1,400 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba karibu kalori 7,700, kwa hiyo katika miezi mitatu bia peke yake ingemtoa kilo mbili na nusu hivi. Alishuka hadi kilo 84, na kiuno kikawa sentimita 98. Kilo moja na nusu iliyozidi hesabu naamini ilitokana na chakula cha usiku wa manane, maana hicho kilitoweka chenyewe. Skwati zilianza kupanda wiki ya tatu. Kusema ni bia tu ingekuwa kumdanganya msomaji: pia alikuwa analala vizuri zaidi na anafanya miguu akiwa hajachoshwa na wiki nzima. Mambo hayo matatu yalikuja pamoja, siwezi kuyatenganisha.

Rafiki yake mmoja alipoona matokeo aliamua kuacha bia na kuhamia konyagi, kwa imani kwamba kitambi ni cha bia. Tulipiga hesabu yake pia. Chupa ndogo ya mililita 200 yenye kilevi asilimia 35 ina mililita 70 za kilevi tupu, gramu 55, kalori karibu 390, na bado hajachanganya na soda. Soda ya sukari ya mililita 350 inaongeza 150 hivi. Kalori za ile chupa ndogo pekee zilikuwa sawa na bia mbili, lakini kilevi kilikuwa karibu sawa na bia tatu, na kwa msuli kinachohesabiwa ni kilevi. Kuchanganya na maji ya soda yasiyo na sukari kunaondoa zile 150 tu. Na wanaokunywa mvinyo nyumbani wapime glasi yao kwa maji mara moja: glasi nyingi za nyumbani zikijaa zinabeba mililita 250, na mvinyo wa asilimia 12.5 katika glasi hiyo ni gramu 25 za kilevi, zaidi ya bia nzima.

Yapo mawili ambayo huwa siyaachii hesabu. La kwanza ni diklofenaki. Watu wengi wanaoumwa miguu baada ya mazoezi wanapita duka la dawa, wanameza, kisha wanaenda kunywa. Dawa za jamii hiyo zinakwangua utando wa tumbo, na kilevi pia, na vikikutana hatari ya tumbo kutoka damu inaongezeka. Choo kikiwa cheusi kama lami, hospitali siku hiyo hiyo. La pili ni kwa mtu anayekunywa kila siku na kwa wingi, ambaye mikono inatetemeka na jasho linamtoka asubuhi kabla hajapata chochote. Huyo asifuate mpango wa mhasibu, wala asiache ghafla peke yake akiwa amehamasishwa na jimu, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Huyo huwa namsindikiza kwa daktari kwanza, na chuma kinamsubiri.